Hukumu Ikigeuka, Maelezo ya Video Yabaki Vipi?

Mnamo 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilibatilisha Sheria yote ya Fedha ya mwaka 2023. Tuseme chumba cha habari kilitengeneza video ya dakika sita kueleza hukumu hiyo, kikaipandisha YouTube kesho yake saa mbili asubuhi. Kichwa: “Sheria ya Fedha yafutwa: utalipa kodi gani?” Sentensi ya kwanza ya maelezo yaliyoandikwa chini ya video: “Jana Mahakama ya Rufani imefuta Sheria ya Fedha.”

Hapo makosa mawili yameshaingia, na hakuna hata moja linalotokana na hukumu yenyewe. La kwanza ni kukosa mwaka. Mwezi mmoja tu kabla, Rais Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha wa 2024 baada ya maandamano ya vijana, kwa hiyo anayesoma “Sheria ya Fedha” mwaka huo huenda akachanganya mambo mawili tofauti. La pili ni neno “jana”. YouTube huonyesha tarehe ya kuchapishwa kwa saa za Pasifiki, kule California. Saa mbili asubuhi ya 1 Agosti hapa kwetu, kule bado ni usiku wa 31 Julai. Mtazamaji anaona 31 Julai chini ya video, anasoma “jana”, anahesabu 30 Julai. Andika tarehe kamili na jina la mahakama, basi.

Kwa video iliyowekwa pia kwenye tovuti yako, tarehe inayosomwa na Google ndani ya msimbo wa ukurasa iandikwe pamoja na tofauti ya saa zetu na saa za kimataifa, yaani +03:00. Ukiiacha tofauti hiyo, Google inakadiria kwa saa za mtambo wake unaosoma kurasa.

```
"uploadDate": "2024-08-01T08:00:00+03:00",
"dateModified": "2024-10-29T17:00:00+03:00"
```

`uploadDate` haiguswi tena maisha yote ya video. Wapo wanaoisogeza mbele ili video ionekane mpya. Huko ni kumdanganya mtazamaji, maana picha na sauti ni zilezile za Agosti. Kinachosogea ni `dateModified`, tena pale tu maelezo yanapobadilika kwa maana. Kurekebisha koma hakuhesabiki.

Sasa turudi mahakamani. Tarehe 20 Agosti 2024 Mahakama ya Juu ilisimamisha kwa muda hukumu ile, na 29 Oktoba ikaitengua: Sheria ya 2023 ikabaki halali. Video yetu inasema kinyume, na YouTube hairuhusu kubadilisha faili ukabaki na kiungo kilekile. Unaweza kukata kipande au kutia ukungu, lakini huwezi kuingiza maneno mapya uliyorekodi. Ukiifuta ukapandisha nyingine, viungo vyote vilivyosambazwa vinakufa na mtu aliyedanganyika hapati marekebisho. Mara nyingi ni afadhali kuiacha, kisha kuandika hivi mwanzoni kabisa mwa maelezo:

“SASISHO, 29 Oktoba 2024: Mahakama ya Juu imetengua hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyobatilisha Sheria ya Fedha 2023. Sheria inaendelea kutumika. Video hii ilirekodiwa kabla ya uamuzi huo. Maelezo ya kodi kuanzia 2:10 yamepitwa na wakati.”

Liwe juu, kwa sababu kwenye simu ni mistari michache tu inayoonekana kabla ya mtu kubonyeza. Sasisho uliloandika 20 Agosti, hukumu iliposimamishwa, lisifutwe. Lishushwe chini yake, ili msomaji aone mambo yalivyofuatana. Na neno liwe “sasisho”, si “sahihisho”, kwa kuwa siku ya kurekodi habari ilikuwa kweli. “Sahihisho” tulitunzie makosa yetu wenyewe, kama ule mwaka uliosahaulika.

Maelezo pekee hayatoshi. Kichwa kiwe “Mahakama ya Rufani ilivyobatilisha Sheria ya Fedha 2023 (31 Julai 2024)”, na kijipicha chenye “YAFUTWA” kwa herufi nyekundu kibadilishwe. Hapa ndipo wengi wanapojisahau: maelezo safi, kijipicha bado kinapiga kelele za zamani.

Nani atakumbuka yote haya baada ya miezi mitatu? Siku ya kuchapisha, andika kwenye jedwali la dawati kiungo cha video, kauli inayoweza kugeuka, dakika yake, na tukio litakaloigeuza. Kwa video yetu safu ya mwisho ingesomeka “rufaa Mahakama ya Juu”. Dalili nyingine ni video ya zamani kuanza ghafla kutazamwa sana: aghalabu jambo limetokea na watu wanatafuta jibu, nao wanaangukia lile la zamani.

Kuna mahali mkono wako haufiki. Aliyetumiwa kiungo WhatsApp mwezi Agosti, kichwa na kijipicha alivyoviona hubaki vilevile ndani ya ujumbe hata ubadilishe nini. Maelezo mapya atayakuta akibonyeza tu.