Daftari la usomaji wa mita katika nyumba yenye sola na LUKU

Nyumba nyingi za mijini Tanzania zilizofunga paneli za sola bila betri, huku zikiendelea kutumia umeme wa TANESCO, zina vyombo viwili vinavyohesabu umeme. Inveta huhesabu uniti zilizozalishwa na paneli, na mita ya LUKU huhesabu uniti zilizotoka kwenye gridi. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha nyumba imetumia kiasi gani kwa jumla, na ndiyo maana tunawashauri wenye mifumo hii wawe na daftari la kawaida lenye safu tano: tarehe na saa, salio la LUKU, usomaji wa inveta, uniti zilizonunuliwa, na maelezo mafupi.

Kwenye inveta, usiandike namba ya uzalishaji wa siku, kwa kuwa hiyo hurudi sifuri na ukikosa kuisoma siku moja imekupotea. Andika namba ya jumla tangu mfumo uwashwe, ambayo kwenye skrini nyingi huitwa E-Total; ukiruka siku mbili, hesabu ya siku hizo bado itapatikana kwa kutoa. Saa ya kusoma iwe ileile kila siku, na inayofaa zaidi ni saa 1:30 usiku, wakati jua limekwisha kuzama na uzalishaji wa siku umekamilika. Andika namba kama zilivyo kwanza, hesabu zifuate baadaye, na ukikosea piga mstari mmoja juu ya namba bila kuifuta.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Dodoma yenye paneli za kilowati 2.5. Jumatatu usiku LUKU inaonyesha 84.6 na E-Total ni 2316.4. Jumanne usiku LUKU ni 78.9 na E-Total ni 2325.1. Salio la LUKU hushuka kadiri umeme unavyotumika, hivyo gridi imetoa uniti 5.7, sola imetoa 8.7, na nyumba imetumia 14.4. Jumatano mwenye nyumba ananunua uniti 50, na usiku LUKU inasoma 122.7. Hapa ndipo wengi huharibu hesabu: salio la jana hujumlishwa kwanza na uniti za tokeni, yaani 78.9 na 50, ndipo salio la leo litolewe. Jibu ni uniti 6.2. Tofauti ndogo za desimali zisikusumbue, maana kipimo cha ndani ya inveta hakina usahihi wa mita ya LUKU.

Kanuni ya kujumlisha uniti za gridi na za sola ili kupata matumizi ya nyumba ni sahihi pale tu ambapo umeme wa sola hauvuji kwenda kwenye gridi. Mita nyingi za malipo ya kabla huhesabu umeme unaorudi kwenye gridi kana kwamba umetumiwa nyumbani, na hivyo mwenye paneli hukatwa uniti kwa umeme aliouzalisha mwenyewe. Ili kuzuia hali hiyo, fundi hufunga kihisi cha mkondo kwenye waya mkuu unaotoka kwenye mita, nacho huiamuru inveta ipunguze uzalishaji unapozidi mahitaji. Kihisi kikichomoka au kikigeuzwa, mita huanza kula uniti mchana kweupe.

Daftari hulionyesha kosa hili vizuri zaidi siku ambayo nyumba haina watu. Tuseme familia imesafiri na limebaki friji peke yake, ambalo hutumia kama uniti 2 kwa siku. E-Total imepanda kwa 9.1 na LUKU imeshuka kwa 9.2, hivyo kanuni inadai kwamba nyumba tupu imetumia 18.3. Kama kihisi kingefanya kazi, E-Total ingepanda kwa uniti moja hivi tu. Kwa sababu hiyohiyo, uzalishaji mdogo siku ya matumizi madogo si dalili ya paneli mbovu, jambo ambalo naona huwatia watu wasiwasi usio na msingi.

Uthibitisho hufanywa siku ya jua, saa 6 mchana, friji likiwa peke yake. Soma LUKU, subiri saa moja, usome tena: imetoka 63.5 hadi 61.7. Kisha zima swichi ya kukatia umeme wa sola, usubiri saa nyingine: imefika 61.6. Uniti 1.8 zilizopotea katika saa ya kwanza haziwezi kuwa za friji. Asiyetaka kusubiri aangalie taa nyekundu ya mita. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, kuwaka mara moja kila sekunde 2 ni sawa na wati 1800.

Kihisi kirekebishwe na fundi umeme mwenye leseni, akizingatia mshale uliochorwa juu yake, na tarehe ya kazi hiyo iandikwe kwenye safu ya maelezo. Rudia jaribio lilelile siku inayofuata. Ikiwa uniti zinashuka kwa kasi hata sola ikiwa imezimwa, kosa haliko kwenye kihisi, na fundi aanze kukagua nyaya na vifaa vya nyumba, akizima swichi za saketi moja baada ya nyingine huku akiitazama ile taa nyekundu.