Kufuta neno si kuondoa upendeleo

Dhana: Ukitaka sentensi ya habari isiegemee upande, futa maneno makali.

Hii naisikia karibu kila ninapomrudishia mwandishi habari yake. Anakata, anakata tena, kisha ananiletea sentensi safi iliyopoteza nusu ya tukio. Chukua mfano huu wa kubuni:

"Genge la wahuni jana lilivamia ofisi ya mkurugenzi, likapora mafaili na kumvunja mkono mlinzi shupavu aliyejaribu kuwazuia."

Ikisharekebishwa kwa mtindo huo inarudi hivi:

"Watu kadhaa jana waliingia katika ofisi ya mkurugenzi na kuondoka na mafaili, mlinzi aliumia mkono."

Haimtukani mtu, ni kweli. Lakini "kuvamia" kulituambia waliingia kwa nguvu, na "kupora" kwamba mafaili hawakupewa. Yote mawili hayapo. Mkono uliovunjwa umekuwa mkono ulioumia, na aliyeuvunja hatajwi. Msomaji anaweza kudhani mlinzi aliteleza ngazini. Kwamba alijaribu kuwazuia nako kumetoweka. Sentensi hii haijakaa katikati. Imehamia upande wa walioingia.

Ukweli: neno lenye upendeleo mara nyingi limebeba tukio na hukumu kwa pamoja. Toa hukumu, tukio ulibakishe, hata kama litahitaji maneno mengi zaidi:

"Kundi la watu jana liliingia kwa nguvu katika ofisi ya mkurugenzi, likanyang'anya mafaili na kumvunja mkono mlinzi aliyejaribu kuwazuia."

"Wahuni" na "shupavu" yameondoka bila kuacha pengo, kwa sababu yalikuwa maoni ya mwandishi tu. "Kumvunja mkono" kumebaki kama kulivyo. Kunatisha, lakini ndicho kilichotokea.

Kabla ya kugusa neno lolote, andika pembeni nani alimfanya nini nani, lini, wapi na kwa namna gani. Ukimaliza, tafuta kila jibu katika sentensi mpya. Wengi wanaruka hatua hii kwa madai kwamba inachelewesha, halafu habari inarudi mezani kwangu mara ya pili.

Dhana: "Alidai" ni neno salama kuliko "alisema".

Si kweli. "Alidai" linamnong'oneza msomaji kwamba huenda anadanganywa, "alikiri" linaashiria kosa, na "alifichua" linathibitisha jambo ambalo wewe hujalithibitisha. "Alisema" halichoshi wasomaji, linawachosha waandishi.

Dhana: Neno la upendeleo likiwekwa ndani ya alama za kunukuu, tatizo limekwisha.

Limekwisha ikiwa kuna aliyelitamka na umemtaja. Hapo usilibadilishe hata kidogo, maana kwamba mkurugenzi aliwaita "wahuni" ni sehemu ya habari. Kama hakuna aliyelisema, alama hizo ni kejeli yako mwenyewe.