Kukataa bila kumfungia mtu mlango: dhana potofu na ukweli

Kazi yangu ni kuandika majibu ambayo wahudumu wa dawati la miadi huwatumia watu kwa ujumbe wa simu. Dawati hilo hupanga, husogeza na hufuta miadi ya kumwona daktari, basi. Lakini watu huuliza mengine pia. Ujumbe mmoja umenifundisha zaidi ya yote: "Mtoto ana homa. Nina chupa ya parasetamoli ya maji, nimpe kiasi gani?"

Jibu letu la zamani lilikuwa hivi: "Samahani sana kwa usumbufu. Tunathamini ujumbe wako. Kwa bahati mbaya, kwa sasa hatuwezi kujibu swali hilo. Tafadhali wasiliana na mtaalamu wa afya. Asante kwa uvumilivu wako."

Dhana: Samahani nyingi ndizo adabu.

Ukweli: Mzazi huyo alisoma sentensi mbili nzima kabla ya kujua kama atasaidiwa, na hakuna hata neno moja lililoonyesha kwamba tumesikia habari ya mtoto. Adabu ilikuwa kutompotezea muda.

Dhana: Maneno "kwa sasa" hupunguza ukali wa hapana.

Ukweli: Yanageuza hapana kuwa ahadi. Mtu husubiri kidogo, kisha anauliza tena. Ndiyo maana mimi hutazama ujumbe unaofuata baada ya jibu letu: mtu akirudia swali lilelile kwa maneno mengine, ujue hakuelewa kwamba amekataliwa. Afadhali kusema wazi, "Dawati hili halitoi vipimo vya dawa." Sentensi hiyo inataja mpaka wa dawati na haimwonyeshi muulizaji kuwa amekosea kuuliza.

Dhana: Kutaja utaratibu wa ofisi kunatosha kuwa sababu.

Ukweli: "Kwa mujibu wa taratibu zetu" haimsaidii mtu kitu. Sababu ya kweli humsaidia. Parasetamoli ya maji huuzwa kwa nguvu tofauti: chupa moja ina miligramu 120 katika kila mililita 5, nyingine ina miligramu 250. Kijiko kilekile cha chupa ya pili kina dawa zaidi ya maradufu. Tena kipimo cha mtoto hutegemea uzito wake. Anayejibu bila kujua mambo hayo anabahatisha. Ukimweleza mzazi hivyo kwa kifupi, tayari amejua aangalie nini kwenye chupa.

Dhana: Ukishasema "wasiliana na mtaalamu", umeelekeza.

Ukweli: Mtaalamu yupi, na aambiwe nini? Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko kwingine. Jibu tunalotuma siku hizi ni hili:

"Pole kwa mtoto kuugua. Kama ana degedege, anapumua kwa shida, haamki vizuri, au ana umri chini ya miezi 3, mpeleke hospitali sasa hivi. Dawati hili halitoi vipimo vya dawa, kwa sababu nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa. Kama hana dalili hizo, muulize mfamasia: mtajie umri na uzito wa mtoto, na umsomee miligramu na mililita zilizoandikwa kwenye chupa. Ukitaka aonwe na daktari, jibu MIADI."

Kwa kawaida hapana huja mwanzoni. Hapa nimetanguliza hatari kwa makusudi, kwa sababu mwenye mtoto wa degedege hapaswi kusoma zaidi ya mstari huo. Njia nilizompa ni chache, na ya mwisho inamrudisha kwenye kazi tunayoiweza.

Dhana: Jibu moja linatosha kwa kila swali lililo nje ya kazi yetu.

Ukweli: Kuna lisiloeleweka, kuna lisilo letu, na kuna tusiloruhusiwa. Kumwambia mtu "hatujaelewa" ilhali tumeelewa ni kumdanganya, naye atahangaika kuliandika upya.

La tatu ndilo gumu zaidi. Mtu aliandika, "Mke wangu ana miadi lini?" Ukijibu, "Hatuwezi kukupa taarifa za miadi ya mke wako," umeshamthibitishia kwamba ana miadi, na siri imetoka ndani ya sentensi ya kukataa. Kumhoji nia yake nako ni kumtuhumu, na huenda anataka tu kumsindikiza. Tunamjibu hivi, mke awe na miadi au asiwe nayo: "Taarifa za miadi hupewa mgonjwa mwenyewe, na hatuwezi kusema kama mtu fulani ana miadi au hana. Mwenye miadi akituma neno MIADI kutoka kwenye namba aliyojiandikisha nayo, atapata siku na saa, naye anaweza kukutumia."