Nyama imekuwa ya kijivu au ina utelezi: ipi uile, ipi uitupe?

Jana nimenunua nyama ya kusaga nusu kilo supamaketi. Nje nyekundu inang'aa, nimeipasua katikati ni ya kijivu. Wamenichanganyia na nyama ya zamani?

Mara nyingi hapana. Nyama ya ng'ombe hupata rangi yake kutokana na protini iitwayo mayoglobini, na protini hii hubadilika rangi kulingana na oksijeni inayoifikia. Ikikosa oksijeni kabisa huwa na rangi ya zambarau iliyofifia. Ikipata hewa ya kutosha hugeuka nyekundu ya kung'aa. Ikipata oksijeni kidogo tu, au ikikaa na hewa siku kadhaa, huwa ya kahawia au kijivu.

Sasa itazame hiyo trei yako. Plastiki iliyoifunika hupitisha oksijeni, kwa hiyo nyama ya juu imepata hewa ikawa nyekundu. Hewa hiyo hupenya milimita chache tu. Katikati haikufika, na ndiyo maana pamefifia. Hata vipande vya steki vilivyolaliana utavikuta na doa la kahawia pale pale vilipogusana, na pembeni vimebaki vyekundu.

Ukitaka kujua zaidi, ipasue, itandaze kwenye sahani safi, uirudishe kwenye friji kwa dakika 20 hadi 30. Nyama iliyokosa hewa tu huanza kurudisha wekundu. Isiporudi, usiihukumu bado, kwa sababu rangi iliyokwisha kuwa ya kahawia hairudi kirahisi. Hapo utategemea kidole, pua na tarehe iliyoandikwa kwenye kifurushi. Ila kama ni ya kijivu juu na ndani, na tarehe yake imepita, usiipe nafasi.

Nyama yangu ilifungwa kwenye plastiki iliyonyonywa hewa. Ni ya zambarau, na nilipoifungua ikatoa kiharufu. Ni mbovu?

Zambarau ni rangi yake halali, maana humo hamna oksijeni. Kiharufu kama cha maziwa yaliyoanza kuganda nacho ni cha kawaida kwa nyama iliyofungwa hivyo. Mwaga maji yake (hayo si damu, ni maji ya nyama yaliyobeba mayoglobini), ipanguse kwa karatasi safi ya jikoni, iache kwenye friji dakika 30 bila kuifunika, kisha inuse tena. Harufu ya kufungiwa itakuwa imeondoka, na rangi imeanza kuwa nyekundu. Harufu ya kuoza haiondoki. Hukaa hapo hapo au huzidi.

Kifurushi cha namna hii kikivimba kama puto kabla hujakifungua, usikifungue kabisa. Gesi hiyo imetengenezwa na bakteria.

Utelezi nitautofautishaje na unyevu wa kawaida? Nyama yote si huwa na majimaji?

Ndiyo, huwa na majimaji, na tofauti utaisikia kwenye kidole. Nawa mikono, gusa sehemu ya juu ya nyama, kisha inua kidole polepole. Unyevu wa kawaida huacha kidole kibichi tu. Utelezi wa kuoza hunata, hufuata kidole kama mlenda, na wakati mwingine huvuta uzi mwembamba. Kisha panguse kwa karatasi. Unyevu utanyonywa na nyama itabaki kavu kidogo. Utelezi utasambaa na kuacha nyama bado inateleza.

Ute huo ni bakteria wenyewe pamoja na vitu wanavyovitoa. Hawa ni wale wanaoweza kuzaana hata kwenye baridi ya friji. Harufu mbaya huanza kusikika wakifika kama milioni 10 kwenye eneo la sentimita moja ya mraba, na utelezi hujitokeza wakikaribia milioni 100. Ndiyo maana pua nzuri huwahi kabla ya kidole, na ndiyo maana nyama yenye utelezi haina cha kujadili. Hata ikiwa bado nyekundu, itupe. Ifunge kwenye mfuko, osha sahani na rafu ya friji kwa maji ya moto na sabuni, kisha nawa mikono.

Nikiuosha ule utelezi kwa ndimu au siki na chumvi, halafu nikachemsha sana, si itafaa?

Haitafaa, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Ndimu itaondoa ute wa juu na kupunguza harufu, yaani itakufichia dalili mbili ulizokuwa unazitegemea. Bakteria waliopenya kwenye nyuzi za nyama watabaki, na maji ya kuoshea yatawarusha kwenye sinki, kisu na kachumbari iliyo jirani. Kuchemsha huua bakteria, ni kweli. Lakini baadhi yao, kama stafilokokasi, wakipata joto la kutosha kuzaana huacha sumu ambayo haiharibiki kwa kuchemshwa. Mtu hula mchuzi uliotokota saa mbili na bado akatapika saa chache baadaye.

Basi nyama ikiwa nyekundu, haina utelezi wala harufu, ni salama?

Haitoshi. Salmonela na aina hatari za E. koli hazibadilishi rangi wala harufu ya nyama. Tena wekundu unaweza kutiwa: mwaka 2019 Kenya ilishtushwa na ripoti ya televisheni kuhusu nyama ya supamaketi kutiwa sodiamu metabisalfaiti, kemikali inayoibakiza nyama nyekundu wakati imeshazeeka. Kwa mwenye pumu kemikali hiyo inaweza kuamsha shambulio.

Kwa hiyo hesabu muda na baridi. Friji iwe nyuzijoto 4 au chini yake. Nyama ya kusaga ipikwe ndani ya siku 1 hadi 2, vipande vizima siku 3 hadi 5. Zaidi ya hapo iende friza ikiwa bado nzuri. Nje ya friji isizidi saa 2, na kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, kama Dar au Mombasa mchana wa Februari, isizidi saa 1. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kama saa 4. Ukikatika usiku kucha, nyama ya kusaga iliyokuwa humo usiipike hata kama inang'aa.

Ile ya kusaga iliyokuwa ya kijivu katikati, nikiona haina utelezi wala harufu, niipike kama kawaida?

Ipike, ila usitumie rangi kujua kama imeiva. Nyama iliyokwisha kuwa ya kahawia ikiwa mbichi huonekana imeiva mapema, kwenye nyuzijoto 55 au 60, wakati nyama ya kusaga inahitaji kufika 71 katikati. Ukikaanga kababu za nyama ya namna hii, utakata moja, uione ya kahawia hadi ndani, uepue, kumbe vijidudu bado wako hai. Kama una kipimajoto cha jikoni, kichomeke ubavuni hadi katikati ya kababu. Kama huna, zifanye nyembamba, si zaidi ya sentimita moja na nusu, ukaange kwa moto wa wastani ili zisiungue nje mapema, kisha uzimalizie ndani ya mchuzi unaotokota, sufuria imefunikwa, kwa dakika 10.