Umesahau jina la mazungumzo yako ya ChatGPT? Anza na historia ya kivinjari

Sehemu ya kutafutia iliyo ndani ya ChatGPT au Claude inakutaka ukumbuke neno. Tatizo ni kwamba jina la mazungumzo mara nyingi hubuniwa na programu yenyewe baada ya swali lako la kwanza, hivyo huenda hulijui kabisa. Kivinjari hakidai neno. Kinaweka kumbukumbu ya ukurasa uliofunguliwa na saa ulipofunguliwa, na watu wengi hukumbuka siku ile walikuwa wanashughulikia nini hata pale maneno yanapowatoka.

Hili linawezekana kwa sababu kila mazungumzo yana anwani yake. Ya ChatGPT huanza na `chatgpt.com/c/` na ya Claude huanza na `claude.ai/chat/`, kisha hufuata mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu usiofanana na mwingine. Kwenye kompyuta yenye Chrome, bonyeza `Ctrl+H` (kwenye Mac ni `Command+Y`), kisha andika `chatgpt.com` kwenye sehemu ya kutafutia. Utapata orodha iliyopangwa kwa tarehe. Ukiweka kishale juu ya jina bila kubofya, anwani kamili hutokea chini kushoto mwa dirisha. Iangalie, kwa sababu baadhi ya mistari husomeka "ChatGPT" tu: kivinjari kiliandika jina kabla mazungumzo hayajapewa la kwao. Mistari hiyo ndiyo watu huiruka, na huenda ndiyo wanayoitafuta.

Tuchukue mfano wa mfugaji aliyeuliza namna ya kuchanganya chakula cha kuku. Ametafuta "kuku", hakupata kitu, kwa kuwa siku ile aliandika "vifaranga" mwanzo hadi mwisho. Anachokumbuka ni kwamba asubuhi hiyo alikuwa akiomba leseni ya biashara kwenye mfumo wa Tausi. Basi anatafuta `tausi` kwenye historia na kupata ukurasa huo na tarehe yake. Hapo anaandika tarehe pembeni, anafuta neno la utafutaji, kisha anashuka kwenye orodha nzima hadi siku ile. Kulifuta neno ni lazima, kwani likibaki atakuwa anaona kurasa za Tausi peke yake, na anachotaka ni majirani zake. Ukurasa wa Tausi uko saa 10:42 AM, yaani saa nne na dakika 42 asubuhi, na saa 10:51 kuna mstari wenye jina "Uwiano wa Protini". Ndio huo. Anayekariri saa za Kiswahili asisahau kuongeza au kupunguza sita. Kutafuta saa nne kwenye mstari wa 4:00 AM ni kupoteza muda bure.

Ukifungua mstari ukakuta siyo, usiandike chochote humo. Ujumbe mpya huyapandisha mazungumzo hayo juu ya orodha ya programu na kuvuruga mpangilio uliokuwa unakusaidia. Firefox ina shida yake: katika dirisha la `Ctrl+Shift+H` kila ukurasa huwekwa kwa tarehe ya mwisho ulipofunguliwa, kwa hiyo ukiufungua leo, ile tarehe ya zamani haionekani tena kwenye orodha. Nakili tarehe kwanza.

Kuna mazungumzo ambayo historia haitakuonyesha hata ufanyeje: yaliyofanyika kwenye programu ya simu badala ya kivinjari, na yaliyofanyika katika hali fiche. Chrome nayo huonyesha takriban siku 90 tu. Kilichopita hapo kinahitaji alamisho.

Alamisho huwekwa kwa `Ctrl+D`, na wengi huiweka mapema mno. Ukurasa wa mazungumzo mapya hauna anwani yake mpaka utume ujumbe wa kwanza, hivyo alamisho iliyowekwa kabla ya hapo itakurudisha mwanzo kila mara. Tuma, ngoja jibu lianze, hakikisha `/c/`, au `/chat/` kwa Claude, imetokea kwenye anwani, ndipo uweke. Kisha badilisha jina lililopendekezwa: andika kazi uliyokuwa unafanya na mwezi, mfano "chakula vifaranga, Machi 2025". Hata ukija kubadilisha jina la mazungumzo ndani ya programu, la alamisho halibadiliki.

Kiungo kikikataa kufunguka, usihitimishe haraka kwamba mazungumzo yamefutwa. Anwani hizi hufunguka kwenye akaunti iliyoyaanzisha tu, na mwenye akaunti ya kazini na ya nyumbani kwenye kompyuta moja hukwama hapa kila mara. Ingia kwa akaunti ya pili, ubandike anwani ileile. Ikikataa na huko, huenda yamefutwa kweli, na hapo historia ya kivinjari haiwezi kuyarudisha: ilihifadhi anwani na jina, haikuhifadhi mlichoandikiana.