Kwa nini "nimemaliza" ya Kikorea inaweza kushtua ofisi nzima?

"Naangalia tamthilia ya Kikorea yenye maandishi ya Kiswahili chini. Meneja anamuuliza kijana wa kazi, 'Umemaliza?' Kijana anajibu, 'Nimemaliza.' Basi, ofisi nzima inageuka kumwangalia. Kosa lake nini hasa?"

Kosa liko mwishoni mwa kitenzi, na maandishi ya chini hayakulibeba. Alichotakiwa kusema ni *da hessumnida*. Alichosema ni *da hesso*. (Naandika jinsi yanavyosikika, kwa herufi zetu.) Maneno yote mawili maana yake "nimemaliza kufanya". Tofauti ni ule mkia tu, na mkia huo hausemi chochote kuhusu kazi iliyofanywa. Unasema wewe na unayezungumza naye mmekaaje.

Kikorea cha ofisini kina mikia mitatu inayosikika kutwa nzima. *-sumnida* ni ya rasmi: mkutanoni, mbele ya wakubwa, kwenye taarifa ya habari. *-yo* ni adabu ya kila siku, laini kidogo. Ukiondoa hiyo *-yo* unabaki na kitenzi kitupu, na Wakorea wanakiita *banmal*, yaani "nusu maneno". Nusu maneno ni ya rafiki, mdogo wako, mtoto, au mtu wa chini yako kazini. Meneja anaweza kumwambia kijana *da hesso?* na isiwe tabu. Kijana akirudisha kwa kipimo hichohicho, amejiweka sawa na meneja mbele za watu. Huwezi kukwepa kwa kunyamaza juu ya jambo hilo, kwa sababu kila sentensi lazima iishie na kitu, hata kitupu nacho kina maana yake.

Mpaka hapo ni heshima kwa anayesikiliza. Kuna ya pili, nayo ndiyo inayowachanganya watafsiri: heshima kwa anayetajwa. Hii haikai mwishoni. Inapachikwa katikati ya kitenzi, silabi moja, *-si-*. Tuseme meneja anamuuliza kijana kama mkurugenzi amefika:

*Sajang'nim oshosso?*

*Sajang'nim* ni mkurugenzi. Sasa kifungue hicho kitenzi. *O-* ni kuja. *-si-* inamnyanyua mkurugenzi, ambaye hata hayupo chumbani. Kisha inafuata alama ya wakati uliopita, na *-si-* ikigusana nayo ndipo unaposikia *sho*. Mwishoni kabisa ni mkia mtupu, unaomshusha kijana. Neno moja limempandisha mmoja na kumshusha mwingine kwa pumzi ileile. Kijana anajibu *Ne, oshossumnida*: mkurugenzi kapanda kwa *-si-*, na meneja naye kapewa chake kwa *-sumnida*. Kwa Kiswahili tumebaki na "Mkurugenzi ameshafika?" na "Ndiyo, ameshafika." Watu watatu wamekuwa kama wapangaji wa nyumba moja.

(Hiyo *-si-* ina mipaka. Mtu hajipachiki mwenyewe, na vitu havistahili. Wahudumu wa migahawa Korea wanachekwa sana kwa kusema *kopi naoshossumnida*, wakitaka kumheshimu mteja, kumbe wameiheshimu kahawa.)

Mtafsiri afanye nini? Kiswahili hakina mkia wa namna hiyo, lakini si kwamba hatuna heshima. Tumeiweka mahali pengine: kwenye jina tunalomwitia mtu, kwenye kitenzi tunachochagua, kwenye "naomba". Kazi ni kuitoa heshima kwenye mkia wa Kikorea na kuitawanya huko. Tuchukue mazungumzo mafupi. Meneja ni *kwajang'nim*, yaani mkuu wa kitengo. Kijana anaitwa Minsu. Tafsiri ya neno kwa neno inatoka hivi:

— Minsu, umemaliza ripoti?
— Ndiyo, mkuu wa kitengo. Nimemaliza. Nitakupa sasa.
— Umekula?
— Bado. Mkuu wa kitengo amekula?

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo balaa. Msomaji anadhani kuna mtu wa tatu. Kumbe Kikorea hakina "wewe" ambayo kijana anaweza kumwambia mkubwa wake, kwa hiyo anataja cheo hata akiwa anamtazama usoni. Pia "nitakupa" imekaa kihunihuni, wakati Minsu alitumia kitenzi maalumu, *durida*, ambacho ni kutoa kwa kunyanyua: unampa mtu aliye juu yako. Kwa rafiki angetumia *chuda*. Na "amekula" ilikuwa *shiksa hashossumnikka*, neno zito la mlo, pamoja na *-si-* yake, si *mogosso* ya meneja. Mimi ningeandika hivi:

— Minsu, ile ripoti vipi, tayari?
— Tayari, bosi. Nakuletea sasa hivi.
— Umekula lakini?
— Bado kidogo. Bosi, umeshapata chakula?

"Kula" na "kupata chakula" zinafanya kazi ambayo Kikorea kimezigawia *mogosso* na *shiksa*. "Nakuletea" inamsogeza Minsu kwa meneja, badala ya meneja kupokea kama mdai. Sikuweka shikamoo. Shikamoo inafuata umri, tena ni ya kufungulia mazungumzo tu, wakati *-sumnida* inarudi kila sentensi kutwa nzima. "Mheshimiwa" ingetupeleka bungeni. Hata "bosi" nimeitumia kwa kubana, maana siku hizi konda na muuza maji wote wanakuita bosi. Ukiijaza kila mstari inageuka utani.

Kigumu zaidi ni pale mkia unapobadilika katikati ya mazungumzo. Meneja aliyezoea kumwambia Minsu *da hesso?* siku moja anamuuliza *da hessoyo?* Kwa karatasi ameongeza adabu. Kwa sikio la Mkorea, na hasa kama wamebaki wawili tu, amevuta kiti nyuma: ukaribu umekwisha, na pengine hasira iko njiani. Ukiandika "Umemaliza?" mara zote mbili, mtazamaji ataona uso wa Minsu unabadilika asijue kwa nini. Hapa Kiswahili cha ofisini kinacho kifaa chake. Bosi wa siku zote wa "Minsu" akianza na "Ndugu Minsu, naomba kufahamu ripoti imefikia wapi," kila aliyewahi kuajiriwa anajua barua ya kujieleza inachapwa.

Na yule kijana wako wa "nimemaliza"? Ningempa "Nishamaliza," bila bosi, bila ndiyo, bila kitu. Ikisimama peke yake baada ya kurasa za "tayari, bosi", msomaji atashtuka pamoja na ofisi.

Ila kama tamthilia yenyewe ni ya kuchekesha, sikiliza vizuri, huenda hakuishia hapo. *-sumnida* ukishaikosa huwezi kuirudisha, ni lazima uanze kitenzi upya. Lakini *-yo* inabandikwa nyuma ya nusu maneno bila kugusa kitu, kwa hiyo mtu akiteleza anaidaka palepale: *Da hesso…* macho yanamtoka, *…yo*. Nilidhani hiyo haitafsiriki mpaka nilipogundua kwamba sisi nasi tunaokoka hivyohivyo: "Nishamaliza… bosi."