Kigari kichwa chini: yanayosemwa kuhusu kilele cha kitanzi, na yaliyo kweli

Tuanze na kifaa chenyewe. Reli nyembamba ya plastiki imekunjwa ikawa kitanzi cha duara kilichosimama wima, na nusu kipenyo chake ni sentimita 20. Upande mmoja kuna mteremko unaoingia kwenye kitanzi kwa chini. Kigari kinaachiwa mteremkoni, kinashuka, kinapanda ndani ya kitanzi, na kikifika juu kabisa kinakuwa kichwa chini. Msuguano hatuuhesabu, na magurudumu ni mepesi kiasi cha kusahaulika. Ili kisiachane na reli pale juu, mwendo wake usipungue mita 1.4 kwa sekunde.

Namba hiyo inatoka kwenye kanuni fupi, v² = gR, ambapo g ni 9.8 na R ni nusu kipenyo kwa mita. Wanafunzi wengi huikariri na kupata alama zao. Waulize lakini ni nini kinachotokea pale juu, utasikia mengi.

"Juu pale kuna kani ya kwenda nje inayosawazisha uzito"

Hii ndiyo mama yao. Maelezo huwa hivi: uzito unavuta chini, mzunguko unasukuma juu, vikilingana kigari hakianguki. Yanaingia akilini vizuri, tena yanaleta jibu sahihi la 1.4, na ndiyo maana hayafi.

Chora basi kani zinazokishika kigari kweli. Uzito unaelekea chini. Reli nayo iko juu ya kigari, na kwa kuwa inaweza kusukuma tu, si kuvuta, msukumo wake pia unaelekea chini. Ni kani mbili, zote chini, na hakuna ya juu. Kama jumla ya kani ingekuwa sifuri, kigari kingenyoosha mstari kwenda mbele na kuiacha duara. Hakifanyi hivyo.

Mtu atauliza: kama kila kitu kinasukuma chini, mbona hakianguki? Kinaanguka. Kinaanguka kutoka kwenye ule mstari mnyoofu ambao kingeufuata kama kingeachwa peke yake, na duara ndiyo umbo la kuanguka huko. Chukua kijiwe, ukirushe kwa ulalo kutoka kimo cha sentimita 40 kwa mwendo wa mita 1.4 kwa sekunde, bila reli yoyote. Njia yake inaanza kupinda mara moja, na mpindo wa mwanzo kabisa ni sawa na wa duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Ni mpindo uleule wa reli yetu. Kwa mwendo huo, katika nukta ile, kigari kingepinda hivyohivyo hata reli isingekuwepo. Reli ipo, lakini haina kazi.

Ongeza mwendo uwe mita 2 kwa sekunde. Sasa njia ya asili ya kigari imenyooka kuliko reli, kwa hiyo kinajikandamiza kwenye reli, nayo inakisukuma ndani. Kubaki kwenye duara kunahitaji mchapuko wa v²/R, yaani 20. Mvutano wa dunia unatoa 9.8, na reli inalipa 10.2 iliyobaki. Punguza mwendo uwe mita 1 kwa sekunde: duara inadai 5 tu, lakini mvutano unatoa 9.8 na haujui kupunguza. Kigari kinapinda kupita reli na kuiacha kwa upande wa ndani.

Aliyeketi ndani ya kigari anaruhusiwa kupiga hesabu zake kwa kani ya kwenda nje, maana kwake dunia ndiyo inayozunguka. Kosa ni kuichora kani hiyo kwenye mchoro wa mtu aliyesimama chini akitazama. Na asiseme kwamba kwa mita 1.4 uzito "umeisha". Kilichokwisha ni msukumo wa reli, na ndiyo sababu anajihisi anaelea.

"Kikiachiwa kutoka kimo cha kilele kitafika kilele"

Hoja ni ya nishati, na nusu yake ni kweli. Bila msuguano, kigari kilichoachiwa kutoka sentimita 40 kina nishati ya kutosha kurudi kwenye sentimita 40. Shida ni kwamba kingefika pale kikiwa kimesimama, kichwa chini, bila kitu cha kukishika. Kinatakiwa kifike na mita 1.4 kwa sekunde mkononi, na mwendo huo hununuliwa kwa kushuka sentimita 10 zaidi. Kimo cha kuachia basi ni sentimita 50, yaani mara mbili na nusu ya nusu kipenyo, kikipimwa kutoka chini ya kitanzi.

Nini hutokea ukiachia kutoka 40? Wengi huchora kigari kikifika kileleni, kikisita, kisha kikidondoka wima kama embe. Sivyo kabisa, na sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote.

Kabla ya kilele, uzito hauelekei kitovuni wote. Ni sehemu yake tu. Sehemu hiyo inapatikana kwa kugawa kimo cha kigari juu ya kitovu kwa nusu kipenyo. Kadiri kinavyopanda, sehemu inaongezeka huku mwendo ukipungua, mpaka pafike mahali ambapo sehemu ya uzito peke yake inatosha kupinda njia. Hapo reli inaacha kusukuma. Kwa kigari chetu mahali hapo ni kimo cha sentimita 33.3, yaani sentimita 13.3 juu ya kitovu. Tuhakikishe: kimeshuka jumla ya sentimita 6.7 kutoka kimo cha kuachiwa, kwa hiyo v² ni 2 × 9.8 × 0.067, karibu 1.31. Gawa kwa 0.2, unapata 6.5. Theluthi mbili za 9.8 nazo ni 6.5. Vimelingana.

Kuanzia hapo ni kitu kilichorushwa. Bado kinapanda kidogo, mpaka sentimita 37, na kikiwa kwenye upeo huo kiko sentimita 8 kando ya mstari wa katikati, upande uleule kilikopandia. Halafu kinavuka kitanzi hewani na kugonga reli ya upande wa pili karibu na chini, sentimita 3.7 tu kutoka sakafu ya kitanzi. Kilele hakikukiona hata kwa mbali. Ukirekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, mwanya kati ya magurudumu na reli utauona unaanzia ubavuni.

Kinachowashangaza wengi zaidi ni kwamba kuachia kutoka chini sana hakuna hatari. Chini ya sentimita 20, kigari hakifiki usawa wa kitovu. Kinapanda, kinasimama, kinarudi kinyumenyume, na reli iko chini yake muda wote. Eneo la kuachana na reli ni kati ya 20 na 50 tu.

"Kigari kizito kinahitaji mwendo zaidi"

Hapana. Uzito mkubwa unavuta zaidi, lakini tungamo kubwa pia linadai kani zaidi ili lipinde, kwa kiwango kilekile. Tungamo linafutika pande zote mbili. Kinachobadilisha namba ni ukubwa wa kitanzi: nusu kipenyo kikiongezeka mara nne, mwendo unaongezeka mara mbili.

"Gololi yangu ilianguka kwenye sentimita 50, basi ni msuguano"

Huu ni mtego wa maabara za shule. Kigari kinachoteleza vizuri ni adimu, kwa hiyo watu hutumia gololi, wanaiachia kutoka sentimita 50, inaanguka, na lawama inaangukia msuguano. Msuguano upo kweli, ila mwizi mkubwa ni mwingine. Gololi inabingirika, na kuzunguka kwake kunakula nishati. Kwa gololi ngumu isiyo na uwazi, nishati ya kujizungusha ni sehemu mbili kati ya saba za jumla. Sehemu tano tu ndizo zinazobaki kuwa mwendo wa kwenda mbele. Ukipiga hesabu upya, kimo kinakuwa mara 2.7 ya nusu kipenyo badala ya 2.5, yaani sentimita 54, kama gololi ni ndogo ukilinganisha na kitanzi. Mwendo unaotakiwa kileleni haujabadilika, ni uleule 1.4, bei yake ndiyo imepanda. Ikianguka hata kutoka 54, sasa laumu msuguano.

"Treni za kupinduka kwenye bustani za michezo hupita kwa hesabu hii"

Zilijaribu. Mwaka 1895, kwenye bustani ya Sea Lion Park huko Coney Island, New York, kulikuwa na reli iliyoitwa Flip Flap Railway. Kitanzi chake kilikuwa duara yenye kipenyo cha mita 7.6 hivi. Kwa kanuni yetu, mwendo wa chini kabisa kileleni ni mita 6.1 kwa sekunde, karibu kilomita 22 kwa saa. Si mwendo wa kutisha. Tatizo liko chini.

Kitakachofika kileleni na mwendo huo lazima kiingie kitanzini na v² ya 5gR. Hapo duara inadai kani mara tano ya uzito, na reli inapaswa pia kubeba uzito wenyewe: jumla mara sita. Tena haiji polepole. Abiria yuko kwenye reli tambarare akiwa na uzito wake wa kawaida, na magurudumu yakigusa mwanzo wa duara, papo hapo anabanwa mara sita. Shingo ndiyo iliyolipa, na sifa ya reli ile ikabaki kuwa ya maumivu. Kupunguza mwendo hakusaidii, kwa sababu sita ndiyo bei ya chini kabisa kwa duara kamili.

Dawa ilikuwa kuacha duara. Kitanzi chenye umbo la tone la maji kina mpindo mkali juu, ambako mwendo ni mdogo, na mpindo mpana chini. Bakiza kimo kilekile na mpindo uleule wa juu, lakini chini upanue nusu kipenyo mara tatu: mara sita inashuka kuwa 2.7 hivi. Umbo la namna hiyo ndilo lililotumika kwenye Great American Revolution, iliyofunguliwa mwaka 1976 huko Magic Mountain, California.

Na treni hizo hazitegemei v² = gR ili zisidondoke. Kila behewa lina magurudumu ya ziada yanayokimbia upande wa pili wa bomba la reli, kwa hiyo reli inaweza kuvuta, si kusukuma tu. Likipita kileleni polepole mno haliachani na reli. Abiria ataning'inia kwenye mkanda wake, sarafu zikimtoka mfukoni, na behewa likikosa kabisa mwendo litarudi lilikotoka.